Mahindi Makubwa ya Kiuyu

Wiki ya kwanza ya ndoa yangu, kule Kiuyu, mavyaa, yaani mama wa mume wangu, alinituma kondeni nikachume mahindi ya kuchemsha. Nilikulia mjini Wete, na kuuliza niliona haya. Nikayapita yale yenye ndevu zilizokauka ncha tu, nikachuma matano makubwa kuliko yote. Punje nilipoibonya kwa ukucha haikutoa maziwa. Nikajiambia moto utayalainisha.

Niliyachemsha tangu alasiri hadi magharibi, yakabaki magumu vilevile. Mavyaa alitafuna punje chache, akalirudisha hindi kwenye sinia.

“Mwanangu,” alisema taratibu, “haya niliyaacha makusudi yakaukie kwenye mabua. Umetupikia mbegu ya mwakani.”