Jua Lililozimwa na Darasa Langu

Jumamosi nilikuwa nikifundisha fizikia katika ukumbi wa kanisa mtaani Fedha. Siku moja niliwapa wanafunzi hesabu ya jua: atomi nne za haidrojeni zikiungana kuwa heliamu moja, nishati kiasi gani hutoka? Tungamo la haidrojeni ni yuniti 1.0078, la heliamu 4.0026. Nikatoka kutafuta chai.

Niliporudi, darasa zima lilikuwa na jibu moja: sufuri. Walikuwa wamekata desimali ili kazi iwe rahisi. Moja mara nne ni nne, nne kutoa nne, kwisha.

Nikawaka. "Hicho mlichotupa, tofauti ya 0.0286, ndicho kinachogeuka nishati! Kizidisheni kwa 931 mpate nishati ya MeV ishirini na sita na ushee. Kwa hesabu yenu, jua limezimika!" Nikawaonyesha dirishani, ambako roshani zote za fleti za jirani zilikuwa zimeanikwa nguo.

Msichana mmoja wa nyuma akachungulia, akashika kalamu upesi. "Mwalimu, ngoja tuzirudishe hizo desimali. Mamangu leo amefua blanketi."