Tokeni Iliyokwenda kwa Jirani

Umeme ulikatika alasiri, mayai ya mama mkwe yakiwa yameanza kugongwa kwa ndani. Ukiweka sikio kwenye mashine ya kutotolea ulisikia vifaranga wakilia ndani ya maganda. Ukungu ulikuwa umeshashuka kutoka msituni, na baridi yetu ya huku Lushoto haina huruma. Mzao uliopita ulikuwa umekufa wote kwa baridi. Wanawe wakamwambia mashine iuzwe, mama ufugaji haukufai. Yeye akaweka mayai mengine.

Nikatazama mita ukutani. Luku imeisha! Nikampigia wifi yangu aliyeolewa Bumbuli, ndiye hutununulia. Hakuchelewa, ujumbe wenye namba za tokeni ukaingia kwenye simu ya mama mkwe.

Mama mkwe akanisomea, mimi nikabonyeza. Mita ikakataa.

"Umekosea," akasema.

"Mama, si wewe unayesoma haraka kama unakimbizwa!"

Tukatazamana, tukacheka kwa hasira. Nikahesabu tarakimu kwenye kioo: kumi na tisa, na tokeni ina ishirini. Kitufe cha tano kilikuwa kigumu, ukikigusa kijuujuu hakiandiki. Vidole vyangu navyo vilikuwa na unga wa ugali. Nikanawa, nikajifuta, nikafuta namba zote na kuanza upya, safari hii nikitazama kila tarakimu inavyotokea. Mita ikaniandikia kwamba tokeni hii imeshatumika.

Nusura niivunje, Mungu anisamehe. Imetumika na nani, na sisi tuko gizani? Nikampokonya mama mkwe simu, jambo ambalo mkwe mwenye adabu hafanyi. Kumbe safari hii alikuwa amefungua ujumbe wa mwezi uliopita! Tokeni ile tulishaiingiza, na mita haimezi kitu kimoja mara mbili. Nikafungua ujumbe mpya, nikaingiza mwenyewe, ishirini kamili. Ikakataa tena.

"Basi," akasema mama mkwe, akakaa kwenye kigoda. "Waambie wanangu waje waiuze hiyo mashine."

Sikupenda kumwona vile. Mimi nikishikwa na hasira siachi kitu, kwa hiyo nikasoma ule ujumbe toka mwanzo, hata sehemu ambazo hakuna anayezisoma. Juu kabisa palikuwa na namba ya mita. Nikailinganisha na iliyoandikwa kwenye mita yetu. Hazifanani hata mwishoni.

"Mama, hii ni mita ya nani?"

Akafikiri, kisha akajishika mdomo. Wakati wa Ramadhani alikuwa amemwambia bintiye amnunulie luku mjane jirani yetu, iwe sadaka ya siri. Namba ile ikabaki kwenye simu ya wifi, na leo akaibonyeza yeye akidhani ni yetu. Nikampigia tena. Masikini, alisikitika, lakini salio lake lilikuwa limekwisha, na mimi kwenye simu sikuwa na kitu. Wakala yuko bondeni kwenye gulio, kwenda na kurudi kungetukuta na mayai ya barafu. Tokeni ile isingefungua mita nyingine yoyote duniani ila ya jirani.

"Twende," nikasema.

"Hatakubali," akasema mama mkwe. "Alipojua ile sadaka ni yangu alikuja kuniambia yeye si ombaomba. Tangu siku hiyo tunasalimiana njiani tu."

Tukaifunika mashine kwa blanketi, tukaibeba wawili taratibu kupita kwenye shamba la kabichi, bila kuiinamisha. Nyumba ya jirani ilikuwa giza. Nikabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna msiba?"

Nikafungua mdomo nimweleze habari za mita, mama mkwe akanitangulia.

"Jirani, mwenye shida leo ni mimi. Luku yangu imeangukia kwenye mita yako. Nakuomba unihifadhie mayai yangu, umeme wako ndio nitakaoutumia."

Jirani akatutazama, akatazama blanketi. Nilijua anafikiria sadaka. Kisha akasikia mlio.

"Wewe! Wanalia! Ingieni, mnasimama nini kwenye baridi?"

Nikaingiza tokeni kwenye mita yake kwa mkono mkavu. Ikakubali mara moja, taa ikawaka chumba kizima. Wale mama wawili wakapiga vigelegele, nami nikalia bila aibu.

Asubuhi nilikwenda kuwapelekea uji, maana mama mkwe alilala huko huko. Vifaranga walikuwa wamejaa kwenye trei, manyoya yamekauka. Mayai machache hayakupasuka, lakini hakuna aliyeyataja. Mama mkwe alisema mashine sasa itakaa kwa jirani, na luku watanunua kwa zamu.

"Na kuku tutauza kwa zamu," jirani akajibu, bila kuinua uso kutoka kwa vifaranga. "Ramadhani ijayo luku nitakununulia mimi."