Yule Mama Aliyejitoa Ilagala

Kosa la kwanza lilikuwa kuingia Ilagala nikiongozana na mtendaji wa kijiji. Utaratibu ulinitaka nipite ofisini kwake na barua ya chuo, naye kwa wema wake akaamua kunisindikiza hadi ufukweni, kwa akina mama wanaoanika dagaa. Walipotuona, mazungumzo yakakatika.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili, na utafiti wangu ulihusu kazi yao hiyo. Nikawaamkia kwa Kiha, "Mwakeye!" Mimi ni mtoto wa Gungu, mjini mkoani huku huku, nikadhani Kiha kingenifungulia njia. Mama mmoja wa makamo, aliyevaa sweta la kijani, akanijibu kwa Kiswahili:

"Karibu. Umetumwa na nani?"

Nikaeleza kwamba mahojiano yangechukua kama dakika arobaini, na hata mtu akiwa na mengi yasingezidi saa moja. Muda wangechagua wao: asubuhi wakishaanika, jioni wakishaanua, hata Jumapili baada ya ibada, mahali popote ambapo wangejisikia huru. Anayetaka anitumie ujumbe, au anibipu tu nimpigie, tupange siku. Akibadili mawazo, aseme basi. Anaweza kujitoa kabla, katikati, au hata baada ya mahojiano, mradi tu sijaanza kuyachanganya majibu ya watu wote mwisho wa mwezi, maana hapo nisingeweza tena kujua lipi ni la nani. Hatatakiwa kutoa sababu.

"Na mtendaji atasikiliza?" akauliza mwenye sweta.

"Hapana, mama. Hata hataambiwa nani kakubali."

Wakamtazama mtendaji, wakanitazama mimi. Nikawaachia namba yangu nikaondoka.

Siku kadhaa simu ilikaa kimya. Nikaanza kushuku kwamba mtendaji alikuwa amewapitia nyuma yangu akawaambia jambo. Siku moja nikabipiwa. Nilipopiga, nikaitambua sauti ya mama wa sweta la kijani. "Njoo kesho nikishaanika. Njoo peke yako."

Tulikaa kando ya vichanja vyake. Wenzake walikuwa wanageuza dagaa polepole mno, masikio yote kwetu. Nikamwambia tunaweza kuhamia mahali pa faragha.

"Hapa hapa," akasema. "Wanione."

Nikamsomea maelezo ya ridhaa, akakubali, akakubali pia nimrekodi. Nikauliza swali la kwanza, lile nililoliweka mwanzoni kwa kuwa niliona ni jepesi:

"Mama, umeishi hapa tangu lini, na ulizaliwa wapi?"

Uso wake ukakunjamana.

"Kumbe. Wewe ni mtu wa mambo ya uraia."

"Hapana, mama, mimi ni mwanafunzi…"

"Ulisema mtu anaweza kujitoa. Nimejitoa."

Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye "lakini". Nilitaka kumbembeleza, nimwambie turuke swali hilo tuendelee. Nikajizuia. Nikazima kinasa sauti, nikamwonyesha nafuta.

"Na kwenye kompyuta?"

"Sauti yako haijafika huko. Ilikuwa humu tu."

"Na karatasi yenye namba yangu?"

Nikaifuta namba kwenye simu, nikaichana karatasi mbele yake, nikampa vipande. Akavikunja kwenye upindo wa kitenge chake, akaenda kugeuza dagaa. Hakuniaga.

Jioni hiyo, nikiwa nimerudi mjini, Mwanga, nilimpigia msimamizi wangu wa utafiti kwa hasira kwamba alilipitisha swali lile, lakini hasira ikanigeukia mwenyewe. Mimi niliyekulia mkoa huu, ambako shangazi yangu aliwahi kuulizwa swali hilo hilo na maofisa wa uhamiaji, akishukiwa si raia, mpaka akalia, ndiye niliyeliandika. Tukakubaliana liondolewe, tukaijulisha kamati ya maadili ya chuo, na nikasubiri kibali cha mabadiliko kabla ya kurudi.

Niliporudi, sikupita na mtendaji. Niliwaambia akina mama wazi kwamba swali la mahali mtu alikozaliwa halipo tena. Msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Yule mama aliyejitoa, ulimripoti?"

"Kwa nani?"

Akacheka kidogo, bila kuniamini sana. Siku ya pili akanitumia ujumbe: kesho jioni, nyumbani kwake, robo saa tu kwanza aone. Tukaongea robo saa, akaniambia niendelee. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akiuliza kwanza namna ya kujitoa kabla hajauliza lolote lingine.

Mwenye sweta la kijani hakurudi. Sikumpigia, na hata ningetaka, namba yake sikuwa nayo. Tulikutana mara moja tu njiani, amebeba beseni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bado upo?"

"Namalizia wiki hii."

Akahamishia beseni bega la pili. "Haya," akasema, akapita.