Deni la Juni

Baba yangu Andrea alikuwa fundi cherehani pale Same, na hakuna kitu kilichomnyima usingizi kama kudaiwa. Mwaka 1954 alikopa shilingi mia kwa mwenye duka, Bwana Tumainieli, kununua cherehani. Hati ilisema wazi: mwisho wa Juni mwaka unaofuata, arudishe mia na ishirini.

Januari akapata kazi ya kushona kaptura za vibarua wa reli. Alipolipwa, mkononi alikuwa na mia na ishirini kamili. Usiku mzima kitanda kililia kwa kugeukageuka kwake.

"Kesho nalipa," akasema.

Mama akaketi. "Baba Priska, tulia. Upatu wa akina Ernesta unaanza Jumapili. Watu sita, ishirini ishirini kila mwezi, na zamu ya kwanza wamenipa mimi. Tunatoa ishirini, tunabeba mia na ishirini. Mia tutakayobaki nayo ni ada ya Priska. Ile ya upatu tunamwekea Tumainieli, na ishirini za miezi mingine zitatoka kwenye cherehani."

"Nikae na deni miezi mitano? Ukirudisha mbuzi wa watu kabla hajazaa, mtoto hadaiwi. Nikilipa leo, ile ishirini inafutika."

Hesabu ya mbuzi ilikuwa kweli kule kwetu milimani. Dukani haikuwamo.

Nilikwenda naye. Bwana Tumainieli alihesabu, akamtazama.

"Umeleta zote?"

"Nipunguzie ya miezi iliyobaki."

"Andrea, hati haina miezi. Ni mia na ishirini, ulete leo ulete Juni. Mimi sijakuita. Zirudishe mfukoni, uje siku yake."

Nilimvuta shati. Ilikuwa ada yangu pale mezani, nami nililijua hilo. Lakini barazani watu walikuwa wanasikiliza, na baba yangu kwa kiburi hakuwa na mpinzani.

"Chana hati," akasema.

Alilala siku nne kama mtoto mchanga. Jumapili mama akaenda upatuni mikono mitupu. Ernesta alimhurumia, lakini asiyetoa habebi, na zamu akapewa Ruthi. Mama alirudi akapika, na mimi nikalia waziwazi, kwani shule ilikuwa inafunguliwa Alhamisi.

Jumatano baba alirudi kwa Bwana Tumainieli. Mia nyingine, mia na ishirini ifikapo Juni. Hakuulizwa kitu, na hilo nadhani ndilo lililomuuma zaidi.

Asubuhi, kwenye lori la kwenda Moshi, alinipandishia sanduku langu, macho mekundu kwa kukesha.

"Soma, mwanangu. Usingizi wa siku nne umenigharimu shilingi ishirini."

Mimi nilicheka. Mama hakucheka.