Keki ya Maziwa ya Korosho

Mtaa mzima ulimwita Shangazi Keki, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke mnene wa haraka haraka, mwenye mikono myeupe kwa unga tangu asubuhi, na ulimi usioficha kitu. Jiko lake lilikuwa chumba kimoja cha mbele ya nyumba: oveni ya gesi, meza ndefu ya mbao iliyosuguliwa ikabonyea katikati, friji ya kuazima kwa kaka yake, na dirisha ambalo wateja waliingiza vichwa kuuliza kama mikate imetoka.

Sifa yake kubwa ilikuwa moja: hakuwahi kumrudisha mteja kwa sababu kitu kimekwisha. Mama yake alioka maandazi na keki za chai miaka ambayo mayai yalikuwa ya kuota ndotoni, na Shangazi alikulia hapo, akiangalia. Mtindi umekwisha? Kijiko kikubwa cha maji ya limau kikombeni, jazia maziwa, acha dakika kumi yakatike kidogo, halafu endelea. Maziwa mabichi hayapo? Koroga ya unga. Yai hakuna? Inategemea unaoka nini. Keki nzito huipokea ndizi iliyopondwa, robo kikombe kwa kila yai. Ile isiyotaka ladha ya ndizi, saga mbegu za kitani, kijiko kimoja kwa vitatu vya maji, subiri zivutike kama ute. "Lakini keki ya sponji inayoinuliwa na mayai matupu," alikuwa akisema, "hiyo usinidanganye. Hiyo bila mayai ni chapati."

Mwanafunzi wake wa haya yote alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyehamia kwake baada ya kaka kupata kazi ya udereva wa mbali. Wifi alikuwa mwembamba, mpole, mwenye haraka ya kuridhisha watu. Alichoambiwa alikishika. Kasoro yake, kwa maneno ya Shangazi, ilikuwa tumbo: maziwa ya ng'ombe yalimsokota. Kwa hiyo aliloweka korosho zake usiku, akazisaga kwenye blenda na maji, akachuja kwa kitambaa safi, akaweka kwenye jagi lisiloandikwa kitu. Lilikaa friji moja na siagi, na Shangazi hakuona neno. Lilikuwa la chai ya wifi tu.

Jumamosi moja mwanamke fundi cherehani wa barabara ya pili aliagiza keki ya kakao ya tabaka mbili. Binti yake alikuwa anafikisha miaka saba. Fundi na Shangazi walifahamiana tangu mtoto huyo hajazaliwa, na kila alipoagiza alirudia jambo lile lile dirishani, kidole kimenyooshwa.

"Shangazi, korosho, karanga, chochote cha namna hiyo, hapana. Hata kisu kilichogusa."

"Fundi, nimekuoshea hicho kisu miaka mingapi?"

"Nakukumbusha tu. Wewe una wateja wengi wa kukumbuka. Mimi mtoto ni huyo huyo mmoja."

Wakacheka. Wifi alikuwa nyuma ya nyumba, akianika vitambaa. Hakusikia.

Asubuhi ya siku yenyewe mambo yalianza vibaya. Mwuza maziwa hakuja. Gari lake lilikwama njiani. Kisha trei ya mayai, iliyowekwa pembeni mwa meza na mtu ambaye kila mmoja alidai si yeye, ikaanguka. Shangazi alisimama akiangalia ute unavyotambaa sakafuni, akashusha pumzi.

"Haya. Tutulie. Keki ya kakao haitudai sana. Saga kitani. Mtindi hatuna, tutakatisha maziwa ya unga kwa limau. Soda ya kuokea na huo uchachu wa limau ndivyo vitakavyoinyanyua. Ila ukishachanganya, oveni mara moja, usikae kuzungumza na mtu. Mapovu yanakufa."

Tabaka la kwanza lilitoka vizuri, jeusi la kuelekea wekundu, katikati likirudi juu ukiligusa. Shangazi akaangalia saa, akaona bado ana mikate ya mkahawa ya kupeleka, na mayai mengine ya kununua kwa ajili ya kesho.

"La pili ni lako," akamwambia wifi. "Umeona nilivyofanya. Akija mtu wa fundi, mpe."

Akatoka na kikapu.

Wifi alipima unga, kakao, sukari, soda, chumvi. Alisaga kitani, akaweka mafuta. Kisha akafungua kopo la maziwa ya unga. Vumbi tupu. Aliligonga gonga juu ya meza, likatoa kijiko kimoja cha chai. Alichungulia dirishani, mtaa ulikuwa na jua na watoto, na duka la karibu lilikuwa na foleni ya sukari. Angeweza kumpigia Shangazi, lakini Shangazi angeguna tu: maji ya bomba nayo huoni? Na maji yangetosha, keki ya kakao haikatai. Ila yeye alitaka lililo bora. Alitaka keki ya fundi itoke vizuri na Shangazi asikie kwamba amefikiri mwenyewe.

Akafungua friji. Jagi lilikuwa pale, limejaa.

Aliweka limau, akamimina maziwa ya korosho, akasubiri. Yakawa mazito kidogo, karibu kama mtindi. Tabaka likainuka hata kuliko la kwanza. Kaka wa fundi alipokuja, wifi alikuwa ameshaunganisha matabaka kwa krimu ya siagi na sukari, ameandika jina la mtoto kwa krimu ya waridi. Kaka huyo akaondoka nayo, akitembea kama amebeba yai.

Shangazi alirudi na mayai kikapuni, amelowa jasho, na jambo la kwanza akataka kuona tabaka la pili.

"Imeshakwenda," wifi akasema, akitabasamu. "Na ilitoka nzuri, wifi! Maziwa ya unga yaliisha, lakini sikukwama. Nikatumia yale yangu. Ya korosho."

Shangazi aliweka kikapu mezani polepole.

"Ya nini?"

"Ya korosho. Yakakatika vizuri tu kwa limau. Kuna nini?"

"Imeondoka lini?"

"Sasa hivi... kitambo kidogo. Wifi, kuna nini?"

Shangazi alikuwa ameshashika simu. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Iliita. Alifikiria nyumba ya fundi wakati wa sherehe: muziki, watoto ishirini, simu imesahauliwa kwenye mashine ya kushonea chini ya vipande vya vitambaa. Akapiga ya tatu huku anatoka mlangoni, bila viatu vya nje, na wifi nyuma yake akiuliza, na akamjibu akiwa tayari barabarani:

"Yule mtoto akila korosho anakufa!"

Pikipiki ya kwanza aliyoiona aliipanda bila kuulizana chochote. "Barabara ya pili, kwa fundi cherehani, na usisimame." Dereva alimwangalia usoni, akatia gia. Shangazi alimshika mabegani akijiambia kwamba hawajaikata, hawajaikata, wanaimba kwanza, watoto wanaimba kwanza.

Walikuwa wameshaimba.

Alipoingia uani aliona sahani za karatasi mikononi mwa watoto, na keki mezani, pembetatu nyeusi imetolewa ubavuni.

"Msile!" alipiga kelele. "Fundi! Mwanao asile!"

Muziki ukazimwa. Watu wakageuka. Mwenye sherehe, katika gauni jeupe lililoshonwa na mama yake, alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa, kijiko mkononi, akijikuna shingo.

"Mama," akasema kwa sauti ya mikwaruzo, "mdomo unawasha."

Fundi alimtazama Shangazi mara moja, na hilo lilitosha. Alikimbilia ndani, akarudi na kijisanduku cha sindano ya dharura ambacho kila siku kilikaa droo moja na mikasi. Midomo ya mtoto ilikuwa inavimba, na kifua chake kilianza kupiga miluzi. Fundi alipiga magoti, akashika sindano, akang'oa kifuniko chake.

"Nishikie mguu."

Shangazi alimshika mtoto, akaubana mguu usisogee. Fundi alisukuma sindano kwenye paja, upande wa nje, kupitia gauni jeupe, akahesabu kwa midomo, akatoa. Mtoto alilia. Kilio kile kilikuwa na sauti, na Shangazi aliona kwa mara ya kwanza jinsi kilio cha mtoto kinavyoweza kuwa habari njema.

"Mwache akae, asilazwe, anahema vibaya," fundi akasema. "Gari! Nani ana gari?"

Jirani alikuwa na gari.

Huko kliniki, daktari alitaka kujua nini hasa kilichomo kwenye keki. Shangazi alivitaja kimoja kimoja, bila kupunguza: korosho, kitani, limau, soda, kakao, siagi, na kwamba hakuna yai. Daktari akasema wamefika kwa wakati, ila mtoto angebaki chini ya uangalizi masaa kadhaa, kwa sababu hali hiyo huweza kurudi hata baada ya sindano kufanya kazi. Wakaambiwa wasubiri nje.

Wifi alifika akikimbia, na khanga imemteleza kichwani. Fundi alisimama alipomwona.

"Ni huyu aliyeoka?"

"Ni mimi," Shangazi akasema, kabla wifi hajafungua mdomo.

"Nimekuuliza kuhusu yeye."

"Ya korosho nimeyamimina mimi," wifi akasema, na machozi yakamtoka. "Sikujua, dada. Wallahi sikujua. Nilidhani maziwa ni maziwa."

"Hakujua kwa sababu sikumwambia," Shangazi akasema. "Wewe uliniambia mimi, kila mwaka, dirishani. Nikayajaza kichwani mwangu nikayafungia humo. Nikaliacha lile jagi friji moja na siagi. Nimemfundisha keki inavyovumilia kubadilishiwa vitu. Mlaji sikumtaja hata siku moja."

Fundi alikaa benchi la mbali, akikunja na kukunjua ncha ya gauni jeupe alilovuliwa mtoto.

Jua lilikuwa linapungua muuguzi alipotoka. Mtoto anataka maji, akasema, na anauliza zawadi zake ziko wapi. Fundi aliingia mbio. Shangazi na wifi walibaki benchini, wakashikana mikono.

Fundi hakuja dirishani kwa muda mrefu. Shangazi hakumlaumu, wala hakumwuliza mtu habari zake kwa kuzungukazunguka. Alikwenda mwenyewe, akagonga, akamwomba radhi mbele ya mumewe na kaka yake, akaondoka alipoambiwa wamesikia. Mtaani watu walisema. Wengine waliacha kununua, na Shangazi aliwaambia wote waliouliza ilivyokuwa, bila kumtaja wifi.

Wifi alitaka kufungasha. "Niende kwetu, nisikuharibie kazi."

"Uende wapi na hilo fundisho la kichwani?" Shangazi akasema. "Umelipata kwa bei mbaya, litumie. Kaa. Korosho zako nazo zinatoka humu leo hii."

Wakaitoa friji nje uani wakaiosha, wakachemsha vyombo, wakatupa blenda na kitambaa. Tangu hapo maziwa ya chai ya wifi yalikaa chumbani kwake, na aliyeagiza keki aliulizwa kabla ya kuulizwa ukubwa: nani atakula, na nini kinamdhuru? Wengine walikereka. Mmoja aliguna kwamba anataka keki, si kulazwa hospitali. Shangazi alisubiri jibu mpaka akalipata.

Siku moja ya mvua, binti wa fundi alipita na mama yake chini ya mwavuli mmoja. Mtoto alisimama akapunga mkono. Fundi alivuta mwavuli, akasita, akainua macho kwenye dirisha.

"Mayai yapo leo?" akauliza.

"Yapo."

"Basi siku nikija, nitakaa humo ndani nikuone unavyofanya."

"Karibu," Shangazi akasema. "Kiti kipo."