Namba Tano za Jumamosi

Kila Jumamosi, kwenye depo yetu ya ndakala, dagaa wakavu wa ziwani, hapa Kalemie, niliandika namba tano ukutani kwa chaki: mauzo ya juma, pesa iliyo kisandukuni, madeni ya wateja, magunia yaliyobaki na samaki walioharibika. Siku moja mume wangu aliona mauzo yamepanda, akaanza kucheza.

"Papa, soma mpaka chini!" nikafoka. "Mauzo yamepanda, pesa imeshuka, madeni yamejaa. Umeuza au umegawa?"

"Mama, ni wenzangu wa besi kwenye kwaya. Watalipa."

Nikakataza mkopo palepale. Jumamosi iliyofuata mauzo yalishuka kidogo, lakini pesa ilipanda. Madeni tu ndiyo yalibaki vilevile.

Kesho yake, nilipoingia kanisani, besi yote ilinyamaza katikati ya wimbo.