Kombe Kabla ya Adhuhuri

Watu husema kichwa cha mwanafunzi huuma kwa sababu ya masomo. Uongo! Changu kiliuma sababu ya tumbo, na nilipokuja kulijua hilo nilikuwa nimekwisha haribikiwa.

Nilikuwa darasa la nane, Msambweni, msichana pekee katika ukoo wetu aliyefika hapo. Baba alikuwa ameniambia waziwazi: "Ukipita, utakwenda kusomea ualimu. Ukianguka, mchumba yuko Gazi, na nimeshampa neno." Sikumlaumu. Baba za wenzangu hawakuwapa hata hiyo nafasi.

Basi nikasoma kwa pupa. Wenzangu wakishalala, mimi naliinamia koroboi mpaka macho yanatoa machozi kwa moshi, kisha naamshwa kabla ya alfajiri. Mtihani ulipokaribia, kichwa kikaanza. Kilinibana kwenye paji la uso na pande zote mbili, kikija kila asubuhi jua likishapanda. Likizo hakikuwapo. Shule ikifungua, nacho hicho!

Nyumbani walikubaliana kuwa ni husuda. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea, na kwake mimi nilikuwa mboni ya jicho. Akaenda kwa mwalimu wa chuo nilikosomea Kurani, akarudi na kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, ninywe kila alfajiri kabla ya kutia kitu kinywani. Nikanywa. Nikiunyoshea mkono muhogo wa asubuhi, bibi akauondoa.

"Ngoja adhuhuri, mwanangu. Usiichanganye dawa na chakula, ikapoteza nguvu."

"Njaa inaniuma, bibi."

"Njaa haiui. Husuda inaua."

Kichwa kilipozidi, tukazidisha kombe. Ndiyo akili zetu hizo, tena tukijiona tunaponya!

Siku ya kwanza ya mtihani ilikuwa hesabu. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala kabisa, na asubuhi tumbo langu lilikuwa na maji ya waridi tu. Swali la tatu likaanza kunichezea machoni. Jasho baridi likanitoka, nikainamisha uso juu ya dawati nikidhani napumzika kidogo. Mwalimu aliponigusa bega, karatasi za wenzangu zilikuwa zikikusanywa. Yangu ilikuwa nyeupe karibu yote.

Mwalimu akanipeleka hospitali, bibi akatufuata mbio, buibui likiburuzika. Aliyetupokea alikuwa daktari msaidizi, mtu wa pwani mwenzetu. Akanipima homa, akanitoboa kidole kutazama malaria, akaniinamisha shingo, akanimulika machoni. Hakuona kitu. Ndipo akavuta kiti.

"Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Jana asubuhi?"

Bibi akajibu kwa niaba yangu, kwa fahari kabisa, akaeleza habari ya kombe na adhuhuri. Yule bwana akamsikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo, mama. Kombe silisemi vibaya, hata mimi nimelinywa. Lakini huyo mwalimu wa chuo alisema mtoto asile mpaka adhuhuri?"

"Alisema anywe kabla ya kula." Sauti ya bibi ikashuka. "Hayo mengine nilizidisha mwenyewe, ili dawa ikae."

"Basi mtoto anakesha, halafu anashinda na njaa. Kichwa kitakosaje kuuma? Leo ale, anywe maji ya kutosha, alale mapema. Kesho asiende bila kifungua kinywa."

Nikaletewa uji wa mtama na chai ya sukari. Jioni ilipoingia, kichwa kilikuwa kimetulia, kama mtu aliyeondoka bila kuaga. Badala ya kufurahi nikalia mpaka kifua kikaniuma. Lingekuwa jini, ningelilaani. Ungekuwa ugonjwa, ningesema ni kadari. Lakini muhogo! Nimeangushwa na kipande cha muhogo kilichokuwa pale mbele yangu kila siku!

Kesho yake nilikula, nikaandika Kiingereza mpaka mwisho, kalamu inateleza yenyewe. Uchungu ulizidi hapo, maana niliona ningeweza. Hesabu haikurudiwa. Majibu yalipokuja, jina langu halikuwamo miongoni mwa waliopita.

Baba hakunigombeza. Alisema, "Haya, ndiyo riziki yako," akaenda Gazi kupanga siku. Bibi alikaa jikoni amenipa mgongo, nami nilimpenda na kumchukia kwa pamoja, na sikuwa na nguvu ya kumwambia lolote kati ya hayo mawili.

Miezi ile ya kungoja harusi hakuna aliyeniamsha alfajiri kusoma. Nililala mpaka jua linachomoza, nikala nikashiba. Kichwa hakikuniuma hata siku moja. Kilikuwa chepesi, kizima, tayari kwa hesabu yoyote, wala sikuwa na pa kukipeleka.